Mama wa Chapati Hakusema Hivyo! Posti za "Leo Nimejifunza" Zinavyopikwa Mjini

Wadau, kuna aina ya posti ambayo siku hizi ukifungua simu asubuhi huikwepi. Inaanza na neno "Leo". Leo nikiwa kwenye foleni. Leo nimepanda boda. Leo nimemkuta mzee mmoja anafagia barabara. Halafu huyo mzee anafungua mdomo na kutoa sentensi moja iliyonyooka kama imepigwa pasi, mwandishi "anakosa la kusema", "machozi yanamlenga", na hapo hapo yanaporomoshwa masomo matatu ya maisha. Chini kabisa kuna kitabu cha mtandaoni cha 10,000 na namba ya kulipia.

Hekima iliyomo ndani yake ni kuukuu. Imeshapita kwenye makundi ya familia, kwenye semina za hotelini, kwenye kalenda za ukutani. Kipya ni hilo "leo" tu, na yule mtu wa barabarani aliyechomekwa mwanzoni ili mzigo wa zamani uonekane umeshushwa asubuhi hii.

Moja ya posti hizo imetikisa sana mjini hivi karibuni, na inastahili kufunguliwa kipande kwa kipande maana safari hii mwenyewe aliyechomekwa ana ndugu wenye simu.

Mhamasishaji mmoja mwenye wafuasi wa kutosha pale Insta, jina kapuni, aliposti picha ya mama anayekaanga chapati pembeni ya barabara maeneo ya Tabata. Picha imepigwa kwa nyuma, giza bado halijatoka vizuri, moto wa jiko unaonekana, kanga imefungwa kiunoni. Kwa kweli picha ni kali. Kapsheni ikasema kwamba saa 11 alfajiri akiwa anaelekea uwanja wa ndege alisimama kumsalimia mama huyo, akamuuliza, "Mama, huchoki?" Mama akatabasamu, akamjibu, "Mwanangu, mwanzi humwagiliwa miaka mitano bila kuota. Mwaka wa tano unapanda futi tisini kwa wiki tano." Kaka akakaa kimya ndani ya gari mpaka uwanja wa ndege. Somo la kwanza, nidhamu ya kuamka mapema. Somo la pili, uvumilivu. Somo la tatu, acha kulalamika, mwagilia mwanzi wako.

Laiki zikamiminika kwa maelfu. Wakajaa watu wa "Amina kaka", wakajaa watu wa moto na makofi.

Siku ya pili akatokea dada mmoja kwenye komenti akaandika kwamba huyo ni mama yake mdogo, kwamba yeye ndiye anayemwandikia daftari la biashara, na kwamba kaka hakushuka kwenye gari. Alipunguza kioo. Mama mdogo akadhani ni mteja, akamwambia, "Chapati mia tano, nikufungie ngapi?" Kioo kikapanda, gari ikaondoka. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Komenti ikafutwa, dada akablokiwa, ndipo akahamia kwenye ukurasa wake mwenyewe na kueleza yaliyomo kwenye daftari.

Sasa kabla ya daftari, ishughulikiwe kwanza habari ya huo mwanzi, kwa sababu ndiyo nguzo ya stori nzima na haina mguu.

Huo "mwanzi wa Kichina" unazunguka kwa Kiingereza kwenye vitabu na semina za mauzo tangu enzi ambazo wengi wanaolaiki leo walikuwa hawajazaliwa. Namba zake hazitulii. Mara ni futi tisini kwa wiki tano, mara futi themanini kwa wiki sita, mara miaka minne badala ya mitano. Kitu kilichopimwa kweli hakibadiliki urefu kila kinapobadilisha msimuliaji. Na futi zenyewe zinatoa harufu. Mama wa Tabata anaweza kukuambia futi za kiwanja au za mbao, lakini mmea atakuambia umefika darini, au umepita nyumba. Futi tisini na wiki tano ni alama ya tafsiri, kama lebo ya bei iliyosahaulika kwenye nguo ya mtumba.

Tena wa kuulizwa kuhusu mianzi hawako mbali. Iringa na Njombe watu wanaishi nayo. Ulanzi unaokunywewa kule unatoka kwenye chipukizi la mwanzi linalokatwa ncha msimu wa mvua, likaachwa litoe maji, na kukatwa tena kidogo kidogo ili lisikauke. Mtu wa kule hapandi mbegu akasubiri muujiza. Mianzi mingi huchanua kwa nadra sana, hivyo mbegu si kitu cha kuokota kila msimu, na wapandaji huchimba kipande cha shina pamoja na mzizi wake wakakihamisha. Mbegu ikipatikana mbichi na nzuri, inaota ndani ya wiki chache tu. Mwanzoni kinachotoka ni kijani chembamba kama majani ya kawaida, lakini kinatoka, unakiona, unaweza kukishika.

Kinachofanya watu wadanganyike ni kwamba kuna punje ya ukweli humo. Kichaka cha mwanzi kinajenga mizizi chini kwa miaka, na shina jipya likishatoka kwenye kichaka kilichokomaa linafikia urefu wake wote ndani ya msimu mmoja. Lakini katika miaka yote hiyo juu ya ardhi hakukuwa kutupu. Mwaka wa kwanza yalitoka mashina membamba, mwaka uliofuata mazito kidogo, mwaka mwingine marefu zaidi. Mkulima alikuwa anapata taarifa kila mwaka. Anayemwagilia udongo mtupu miaka mitano bila kuona hata jani moja, mbegu yake ilishakufa zamani, na jirani mwenye roho nzuri angemwambia mapema achimbe aangalie.

Kwa hiyo mmea wenyewe, ukiuangalia unavyoota, unafundisha kinyume cha kapsheni. Kapsheni inasema usipoona kitu endelea. Mwanzi unasema usipoona kitu kabisa, kuna tatizo.

Mtu atasema hii ni kuchambua nzi, stori ni stori tu, ujumbe ni mzuri. Sawa, ila wazee wetu walikuwa na utaratibu wa stori. Msimuliaji anaita "Paukwa!", hadhira inaitika "Pakawa!", na kila aliyeketi pale anajua kwamba sungura atakayekuja hakukutwa Ubungo asubuhi ile. Hadithi ilitangazwa kuwa hadithi, watu wakachukua funzo kwa hiari yao, wakacheka, wakalala. Posti ya "leo" inafanya ujanja wa kuufuta huo utangulizi. Inachukua hadithi inayotembea miaka nenda rudi, inaivalisha saa, mtaa na mtu maskini, halafu inaileta kama ushahidi. Na ushahidi una nguvu ambayo hadithi haina. Hadithi ya mwanzi ukiisoma unaweza kuguna. Lakini mama wa chapati aliyesema mwenyewe, kwa mdomo wake, saa 11 alfajiri, unamgunia vipi? Ukibisha unaonekana unambishia mama.

Hapo ndipo palipo na ubaya. Anachomekwa mtu asiye na nafasi ya kujibu ili msomaji asiwe na nafasi ya kuuliza.

Turudi kwenye daftari sasa.

Kwa maelezo ya yule dada, mama mdogo alikuwa anakanda kilo 5 za unga kwa siku. Kilo moja inampa chapati 12, kwa hiyo jumla 60. Unga kilo 2,000, hiyo ni 10,000. Mafuta lita moja 6,000. Mkaa 3,000. Chumvi, sukari na mifuko ya kufungia 1,500. Gharama zote 20,500. Akiuza chapati zote 60 kwa mia tano anapata 30,000, na mkononi inabaki 9,500. Hapo alikuwa anaamka saa 11, kama binadamu wengine wa biashara hiyo, na maisha yalikuwa yanasogea kwa staili ya kubana.

Halafu mtoto akaumwa, akachukua mkopo wa 200,000 kwa wale jamaa ambao mtaani mikopo yao inaitwa kausha damu. Masharti ni rejesho la 10,000 kila siku kwa siku 26. Zidisha mwenyewe, ni 260,000. Na usidanganyike kwamba ni riba ya 60,000 kwa kukaa na 200,000 mwezi mzima. Rejesho linaanza kesho yake. Ikifika siku ya 13 ameshatoa 130,000, yaani zaidi ya nusu ya fedha ya mkopo haipo tena mikononi mwake ila riba imebaki vilevile kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

Weka sasa hizo mbili pamoja. Faida 9,500, rejesho 10,000. Kila siku anayofanya kazi vizuri na kuuza mpaka chapati ya mwisho, anapungukiwa mia tano, na hajala, hajapanda gari, hajalipa kodi. Afanyeje? Akaongeza unga. Kutoka kilo 5 akaenda kilo 7, chapati 84. Gharama zikapanda mpaka 28,400, mauzo yakawa 42,000, faida 13,600. Akitoa rejesho anabaki na 3,600.

Kukanda, kukata na kusukuma kilo 7 peke yako kunakula muda. Saa 11 haikutosha tena. Ndiyo maana anaamka saa 9 usiku.

Soma tena somo la kwanza la yule kaka: nidhamu ya kuamka mapema.

Na hata hiyo 3,600 si ya uhakika. Chapati zikibaki 8 tu kwenye beseni, ni 4,000 imelala, na siku hiyo mama amekesha kwa ajili ya mkopeshaji peke yake. Mvua ikinyesha asubuhi, au wanafunzi wakifunga shule, hazibaki 8, zinabaki 20. Siku za hivyo, kwa mujibu wa dada, rejesho lilikuwa linatoka kwenye mtaji, yaani pesa ya unga wa kesho, na unga wa kesho unakopwa dukani kwa bei ya juu kidogo. Mtu akipita na gari akaona moto wa jiko gizani ataona uvumilivu. Aliyeshika daftari anaona shimo linalochimbwa kila siku kwa kijiko.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakukigundua ni kwamba posti ile ndefu haikusema mama anauzia wapi. Haikutaja kituo, haikutaja bei, haikuweka namba yake. Mwandishi alipata maelfu ya laiki kupitia jiko lile na hakununua hata chapati moja, wala hakuwaelekeza wafuasi wake wakanunue. Namba ya simu iliyokuwepo pale chini ilikuwa ya kitabu. Wale wa "lakini si amemtangazia biashara jamani" waonyeshe tangazo liko mstari wa ngapi.

Haiishii kwa mama. Chini ya posti ile ile kulikuwa na komenti ya kijana mmoja ambayo ilipita bila watu kuitilia maanani. Aliandika kwamba ana mwaka wa pili anajitolea kwenye ofisi fulani, hana mkataba, anapewa nauli tu na hata hiyo si kila mwezi. Alikuwa amepanga Jumatatu amfuate bosi amuulize hatima yake. "Ila baada ya kusoma hii nimeona nitulie, niendelee kumwagilia mwanzi wangu." Mhamasishaji akamjibu kwa emoji ya ngumi na ya mmea.

Huyo kijana alikuwa na swali sahihi na siku sahihi. Miaka miwili bila mkataba, bila tarehe, bila ahadi iliyoandikwa, ni udongo mtupu. Alichohitaji ni mtu wa kumwambia akaulize vitu vitatu vya kawaida, kwamba nafasi ipo au haipo, kama ipo itatangazwa lini, na kama haipo apewe barua ya utambulisho ya kazi aliyofanya ili akaombe kwingine. Badala yake kapewa mmea wa Kichina ambao hata Wachina hawaujui. Jumatatu ikapita. Bosi wake, ambaye hakusoma posti wala hajui ipo, ndiye aliyefaidika nayo kuliko wote.

Na hekima ya aina hii ukiiangalia inakwenda upande mmoja tu. Anaambiwa avumilie mwenye chapati, anayejitolea, dereva wa boda anayepeleka hesabu. Hujawahi kukutana na posti ya "Leo nimemkuta mkopeshaji" ikimfundisha mkopeshaji asubiri miaka mitano.

Sasa utazitambuaje? Kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu anaanza nalo. Watu wanakopi mwanzo wa posti, wanautafuta, hawapati kitu, wanasema basi ni ya kweli. Mwanzo ndio unaobadilishwa. Saa, mtaa, mama, daladala, hivyo vyote ni nguo mpya. Usivitafute. Nenda kwenye sentensi ya hekima, ile inayosemwa na mtu wa barabarani, au kwenye somo la pili na la tatu, maana huko wavivu hawagusi. Chukua maneno saba au nane yaliyofuatana, yaweke ndani ya alama za kunukuu, tafuta Google. Ukiwa kwenye kompyuta bonyeza Tools, halafu Any time, chagua Custom range na uweke miaka ya nyuma, uone kama mama wa leo alishasema maneno hayo zamani akiwa mzee wa kuuza karanga. Kiswahili kikikataa, geuza maneno mawili matatu makuu kwa Kiingereza, mfano:

```
"Chinese bamboo" "five years"
```

Utaona kurasa zinavyomwagika. Tahadhari ni moja, kwamba kapsheni nyingi za Insta hazionekani kwenye utafutaji huo, hivyo kukosa matokeo hakumsafishi mtu. Ndiyo maana kipimo cha pili ni bora, nacho hakihitaji bando. Soma maneno ya yule mtu wa barabarani kwa sauti. Je, yupo unayemfahamu anayeongea hivyo saa 11 alfajiri akiwa na mwiko mkononi? Watu halisi wanakatiza, wanauliza unataka ngapi, wanalalamikia bei ya mafuta, wanakuomba usogeze gari linaziba wateja. Maneno ya mtu aliyeonekana kweli yana kitu ambacho mwandishi hakukitegemea. Ya kupikwa yana kile kile alichokuwa anakitaka kabla hajatoka nyumbani.

Na ukitaka kuona utofauti, weka pembeni posti ya dada mwenye daftari. Haikuwa na ufundi wowote. Aliandika kwamba mama yake mdogo anauza chapati, zilikuwa 60 sasa ni 84, anaamka saa 9 kwa sababu ya rejesho, zimebaki siku 11, zikibaki chapati 8 ameumia, na wanaopita pale kituoni kabla ya saa 2 asubuhi wanunue hata mbili. Akaeleza kituo ni kipi na jiko liko upande gani. Nayo ilikuwa ni posti ya "leo", ya mtu aliyeona kitu siku ile. Tofauti ni kwamba ukiisoma unajua cha kufanya kesho asubuhi, na unajua ni nani.

Ilipata laiki 63.

Kuna wanaosema kwamba dada alimdhalilisha mama yake mdogo kwa kuanika deni. Hoja ya maana, na inafaa kuulizwa. Kwa maelezo yake alimsomea maneno yote kabla ya kuyarusha, na mama akamwambia aondoe sehemu moja tu iliyohusu ugonjwa wa mtoto, ikaondolewa. Yule kaka wa picha alimsomea nani?

Kuhusu kaka mwenyewe, posti ilikaa siku nne, halafu ikabadilishwa kimya kimya. "Akanijibu" ikawa "ni kama alikuwa ananiambia". Neno moja tu likabadilishwa na hekima yote ikabaki pale pale, maana sasa mama hakusema, ila ni kama alisema. Wenye skrinishoti wanazo zote mbili.

Wiki iliyofuata akarudi. "Leo nimepanda boda, kijana akaniambia kitu sitakisahau. Kaka, tai akifika miaka 40 anapanda mlimani, anang'oa mdomo na makucha yake, anasubiri siku 150 viote upya, halafu anaishi miaka 30 mingine." Kwa taarifa tu, tai mweupe kichwa wa Marekani mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuthibitishwa porini kwa pete ya mguuni alikufa mwaka 2015 akiwa na miaka 38, na ndege aliyeng'oa mdomo hali, na asiyekula hafiki siku 150. Mpaka jana jioni posti ilikuwa na laiki nyingi kuliko ya chapati. Komenti ya juu kabisa ilisema, "Barikiwa kaka, yaani leo nilikuwa naihitaji hii." Ya pili yake ilikuwa ya dereva boda mmoja, akiuliza abiria huyo alishukia wapi, kwa sababu kuna mtu anamdai nauli.